Lebo imeshika sehemu isiyo yake: kutatua makosa ya kunakili mchoro wa sayansi uliochorwa kwa mkono

Mchoro uliokuwa mezani kwangu ulikuwa wa ua lililopasuliwa katikati kutoka juu hadi chini, umechorwa kwa penseli kwenye daftari la mwanafunzi. Kazi yangu ilikuwa kuziandika lebo zake kwenye jedwali: safu moja ya neno, safu ya pili ya sehemu ambayo mstari wa neno hilo unaigusa. Niliandika, nikahesabu, hesabu ikakubali, nikapeleka. Mwalimu akanirudishia sentensi moja aliyoisoma kwenye jedwali langu: kikonyo ni jani dogo la kijani linalolikumbatia ua kwa chini. Jani hilo ni sepali. Kikonyo ni bua linalolibeba ua zima. Maneno yote niliyokuwa nimeyaandika yalikuwa sahihi herufi kwa herufi, na bado jedwali lilikuwa bovu, kwa sababu lebo si neno peke yake. Lebo ni neno pamoja na mahali ncha ya mstari wake ilipotua.

Nitautumia mchoro huohuo hapa, maana ulikuwa na karibu kila tatizo linalowapata wanaofanya kazi hii. Upande wa kulia ulikuwa na maneno manane, kutoka juu kwenda chini: stigma, chavulio, filamenti, petali, ovari, ovuli, sepali, kikonyo. Upande wa kushoto yalikuwa mawili tu: stameni, na chini yake kitako cha ua.

Dalili: kuanzia mahali fulani kwenda chini, kila jina liko kwa jirani yake

Hii ndiyo iliyokuwa dalili ya sentensi ya mwalimu. Ukilisoma jedwali kutoka juu, mistari ya mwanzo haina kosa la aina hii. Halafu inafika nafasi moja ambapo jina linakaa kwenye sehemu isiyo yake, na kutoka hapo hakuna kinachorudi mahali pake hadi mwisho. Katika jedwali langu, ovari ilikuwa imepewa shingo nyembamba ya katikati, sepali imepewa ukuta wa uvimbe wa chini, kikonyo kimepewa sepali, na bua la chini kabisa halikubaki na jina.

Chanzo chake ni kwamba mnakili anayasoma maneno kama orodha, kisha anazisoma sehemu kama orodha nyingine, halafu anazioanisha kwa mfuatano: la kwanza kwa ya kwanza, la pili kwa ya pili. Njia hiyo hufanya kazi mpaka orodha moja iwe na nafasi ambayo nyingine haina. Kwenye mchoro wangu, upande wa kulia kulikuwa na mistari tisa na maneno manane. Mstari wa tano uligusa ile shingo inayounganisha stigma na ovari, yaani staili, lakini mwanafunzi alisahau kuandika neno mwishoni mwake. Mstari mtupu mmoja tu ulitosha kuyasogeza majina yote yaliyokuwa chini yake.

Basi ukiiona dalili hii, usianze kusahihisha jina mojamoja. Tafuta nafasi ya kwanza iliyoharibika, kisha angalia mchoro palepale. Karibu kila mara utakuta moja kati ya vitu viwili: mstari usio na neno, au neno refu lililokatwa mara mbili na kuhesabiwa kama lebo mbili.

Hilo la pili nalo nilikuwa nalo. Kushoto, mwanafunzi aliandika "kitako" na chini yake "cha ua", kwa sababu ukingo wa ukurasa ulimbana. Nilipohesabu mistari ya maandishi nilipata minane kulia na mitatu kushoto, jumla kumi na moja. Nilipohesabu ncha nilipata tisa kulia na mbili kushoto, jumla kumi na moja. Makosa mawili yalifutana na hesabu ikakubali. Tangu hapo sihesabu jumla ya mchoro mzima. Nahesabu kila upande peke yake, maneno kwa ncha, na tofauti ya hata moja lazima niipatie maelezo kabla sijaandika chochote.

Tiba yenyewe ni kuugeuza mwelekeo wa kazi: anza kwenye ncha, si kwenye neno. Toa nakala ya mchoro ili usiliguse daftari la mwenyewe. Funika maneno ya upande mmoja kwa ukanda wa karatasi, yabaki mchoro na mistari tu. Kila mahali mstari unapoishia ndani ya mchoro, zungushia kiduara kidogo na uandike namba, kutoka juu kwenda chini. Ukimaliza, ondoa ukanda, shika ncha namba 1, fuata mstari wake kutoka ndani kwenda nje mpaka ufike kwenye neno, ndipo uandike. Ncha isiyofika kwenye neno lolote inabaki na namba yake, na kwenye safu ya neno unaandika "hakuna neno". Ukiandika hivyo, nafasi tupu inakaa mahali pake na haiwezi tena kuwasukuma wenzake.

Dalili: majina mawili yamebadilishana, na mengine yote yako sawa

Jedwali langu la kwanza lilikuwa na kosa jingine juu ya lile la kuhama, na kama nisingezijua dalili zake ningedhani ni ugonjwa mmoja. Filamenti ilikuwa imepewa petali, na petali imepewa kijiti chembamba kinachobeba chavulio, ambacho ndicho filamenti yenyewe. Tofauti ya kuzitambua dalili hizi mbili ni hii: majina yakibadilishana, vurugu huishia kwa wawili hao na jedwali hurudi sawa kwenye mstari unaofuata. Majina yakihama, jedwali halirudi sawa.

Majina yakibadilishana, tazama kama mistari yao inapishana. Kwenye sayansi mwanafunzi hufundishwa asipishanishe mistari ya lebo, lakini mchoro wa mkono hujaa polepole, na neno la mwisho huandikwa palipobaki nafasi. Hapa neno "filamenti" lilikuwa juu na "petali" chini yake, lakini mstari wa filamenti ulishuka kuelekea ndani na ule wa petali ukapanda kwenda kwenye ukingo wa juu wa petali. Vikapishana sentimita moja hivi kutoka kwenye maneno.

Kwenye makutano, jicho linapenda kugeuka. Linafuata mstari mmoja mpaka katikati, kisha linatoka na mwingine kwa sababu pembe yake imeonekana laini zaidi. Njia ya uhakika ni rula. Ilaze kwenye kipande cha mstari kilicho kabla ya makutano, tazama ni kipande kipi cha upande wa pili kinachobaki kwenye ukingo wa rula hiyohiyo. Mstari uliochorwa kwa rula hauwezi kupinda katikati ya makutano. Kama ulichorwa kwa mkono mtupu, rula peke yake haitoshi. Tazama uzito wa penseli, kwa sababu mkono uliobonyeza sana mwanzoni mwa mstari huendelea kubonyeza hadi upande wa pili. Tazama pia ni mstari upi uliopita juu ya mwenzake.

Mstari uliopinda kiwiko ni suala tofauti. Wapo wanaochora mstari mlalo kutoka kwenye neno, kisha wakaushusha kwa mshazari hadi kwenye sehemu. Kiwiko hicho si ncha. Ncha ni mwisho wa kipande cha pili, hata kama kiwiko kimetua juu ya sehemu nyingine.

Hapohapo niseme kuhusu mistari inayokatiza. Mstari unaokwenda kwenye staili kutoka upande wa kulia unapita juu ya petali na juu ya filamenti kabla haujafika katikati. Umegusa vitu vitatu, lakini unataja kimoja: kile ulichosimamia. Ukiona kwenye jedwali lako kwamba sehemu za nje zimejaa majina na za katikati hazina kitu, shuku kwamba umesimama kwenye mguso wa kwanza badala ya kufika mwisho.

Dalili: jedwali ni sahihi kuliko mchoro wenyewe

Hili ndilo kosa ninaloliogopa kuliko yote, kwa kuwa halionekani. Mengine yote hujitangaza kwa sentensi ya ajabu kama ile ya kikonyo. Hili linatoa jedwali safi ambalo kila msomaji wa baiolojia atalipitisha.

Baada ya mwalimu kunirudishia kazi, nilisahihisha kuhama. Nikaandika ovari: ule uvimbe wa chini, ukuta wa nje. Ovuli: viduara vidogo vilivyo ndani ya uvimbe. Ni sahihi kabisa kisayansi. Nilipolifungua daftari mara ya tatu, nikiwa na rula, nikaona kwamba mstari wa "ovari" haukuishia ukutani. Ulipenya ndani ukasimama juu ya kiduara kimoja. Na mstari wa "ovuli", uliokuwa chini yake kidogo, ndio uliogusa ukuta wa nje. Mwanafunzi alikuwa amevichanganya. Mimi, kwa kuwa najua ovari ni ipi, nilikuwa nimemsahihishia bila kujua kwamba nimefanya hivyo.

Kwa mwalimu, hilo ni hasara kamili. Anachotaka kukiona kwenye jedwali ni kama mwanafunzi anazitofautisha ovari na ovuli, na nakala yangu ilimwambia kwamba anazitofautisha. Hata pale ambapo anayenakiliwa si mwanafunzi bali mtafiti aliyechora alichokiona kwenye hadubini, ni vilevile: mnakili anayerekebisha anaufuta ushahidi.

Jambo jingine: katika jedwali la kwanza, lile lililohama, ovuli ilikuwa imeangukia kwenye kiduara cha ndani. Yaani ndani ya orodha iliyoharibika kulikuwa na jozi moja iliyoonekana nzuri kwa bahati tu. Ndiyo maana sikubali kuthibitisha jedwali kwa kuuliza "je, hii inaleta maana?" Swali ni moja: ncha iko wapi?

Kinga niliyoipata ni ya maandishi. Kwenye safu ya mahali, usitumie jina la kisayansi kabisa. Eleza umbo na nafasi kama mtu asiyejua baiolojia anayeangalia karatasi: kiduara kidogo ndani ya uvimbe, kijiti chembamba cha pembeni, jani pana la kulia karibu na ukingo wake wa juu. Ukiandika "ovari" kwenye safu zote mbili, umeshaamua kabla ya kutazama. Ukilazimika kuandika "kiduara cha ndani", inabidi urudishe macho kwenye karatasi. Na safu hiyo ijazwe maneno yakiwa bado yamefunikwa.

Upande wa kulia wa mchoro ule, baada ya kuunakili upya, ulitoka hivi:

```
1 | stigma      | kichwa cha juu cha nguzo ya katikati
2 | chavulio    | kifuko juu ya kijiti cha pembeni
3 | petali      | jani pana la kulia, ukingo wa juu
4 | filamenti   | kijiti cha pembeni, chini ya kifuko
5 | hakuna neno | shingo ya nguzo ya katikati
6 | ovari       | kiduara kidogo ndani ya uvimbe
7 | ovuli       | ukuta wa nje wa uvimbe
8 | sepali      | jani dogo chini ya jani pana
9 | kikonyo     | bua la chini
```

Namba 6 na 7 zimeachwa kama zilivyo. Kando yake niliweka maoni: mistari iko wazi, imekaguliwa kwa rula. Maoni hayo yanamweleza msomaji kwamba kosa ni la mchoraji, wala halikuingia wakati wa kunakili. Kama ungependa kumwonyesha jibu sahihi, liweke kwenye safu yake ya tatu yenye kichwa kinachosema ni marekebisho yako. Tahajia nayo iache ilivyo: aliyeandika "chavilio" anakiliwe "chavilio".

Dalili: watu wawili wananakili mchoro mmoja na wanapata sehemu tofauti

Wakitofautiana kwenye lebo moja tu, mara nyingi ncha yenyewe haijaamua. Kwenye ua letu ilikuwa ncha ya "kitako cha ua", iliyosimama sawasawa kwenye mpaka ambapo sepali inaota kutoka kwenye kitako. Mmoja atasema kitako, mwingine sepali, na wote wana haki. Hapo usichague. Andika "inaishia mpakani, kati ya jani dogo na sehemu iliyotanuka juu ya bua". Msomaji wa jedwali anaweza kuamua mwenyewe, na anajua kwamba kuna jambo la kuamua.

Kuna na mstari unaoishia hewani, kabla ya kufika kokote. Ukiwa umebakiza milimita moja au mbili na mbele yake kuna sehemu moja tu, naandika sehemu hiyo na kuongeza "haujagusa". Mbele yake kukiwa na sehemu mbili, naandika mwelekeo tu. Kuurefusha mstari wa mtu mwingine kwa mawazo ni kuchora, na mnakili hachori.

Mabano nayo huwagawa watu. Kushoto, "stameni" haikuwa na mstari wa kawaida. Ilikuwa na bano lililoanzia juu ya kifuko na kuishia chini ya kijiti. Ukilinakili kwa ncha yake, ile inayochomoza katikati kuelekea kwenye neno, utasema stameni ni kijiti. Bano halinyooshei kitu kwa ncha hiyo. Linashika eneo zima lililo kati ya miguu yake miwili. Andika mguu wa juu uko wapi na wa chini uko wapi: "bano, kutoka juu ya kifuko hadi chini ya kijiti cha kushoto". Hivyo ndivyo filamenti na chavulio vinavyoonekana kuwa vipande vya stameni, na huo ndio uhusiano ambao mchoraji aliutaka.

Wakitofautiana kwenye lebo nyingi, acha mchoro na ukague picha wanayoitumia. Mstari wa penseli iliyofifia hupotea kwanza, na hupotea mwishoni, yaani kwenye ncha hasa, mahali mkono ulipoinuka. Skani kwa nukta 300 kwa inchi au zaidi, na usiiache mashine igeuze picha kuwa nyeusi na nyeupe tupu, maana kijivu hafifu huwa cheupe. Kama unalo daftari lenyewe, lilaze chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni. Mwanga huo huonyesha mfereji ulioachwa na penseli hata pale rangi yake imefutika. Lakini angalia: mfereji usio na rangi unaweza kuwa mstari ambao mchoraji aliufuta kwa makusudi. Ukikuta mfereji mtupu kando ya mstari ulio wazi wa lebo hiyohiyo, ulio wazi ndio kauli yake ya mwisho.

Dalili: kulia na kushoto vimegeuka

Ua halina shida hii, lakini mchoro wa moyo unayo. Moyo huchorwa kana kwamba mwenye moyo amekutazama, kwa hiyo ventrikali ya kulia iko upande wa kushoto wa karatasi. Mnakili akiandika "ventrikali ya kulia: chumba cha kushoto", msomaji atadhani ni kosa, na pengine mtu wa pili ataligeuza. Kwenye safu ya mahali andika daima "kushoto mwa karatasi", maneno yote matatu, ili neno "kushoto" lisibaki likining'inia bila mwenyewe. Kwenye moyo pia kuna mishale ya mtiririko wa damu. Hiyo si mistari ya lebo. Mshale wa damu hauishii kwenye neno, na kichwa chake huwa ndani ya mshipa au chumba kikionyesha upande damu inakokwenda. Inakili kando, kwenye orodha yake, ukitaja inatoka wapi na inaingia wapi.

Ukaguzi wa mwisho

Chukua nakala ya mchoro ambayo maneno na mistari yote imefichwa, yabaki maumbo tu. Mpe mtu ambaye hajaliona daftari, pamoja na jedwali lako, na umwombe aweke nukta yenye namba kila mahali safu ya pili inapomwelekeza. Kisha iweke karatasi yake juu ya mchoro wa asili na uzishike zote mbili dirishani. Nukta zikitua kwenye ncha, jedwali limebeba mchoro. Yangu, safari ile ya mwisho, zilitua zote isipokuwa namba 2: aliiweka kwenye kifuko cha kushoto, kwa sababu niliandika "kijiti cha pembeni" bila kusema ni pembeni ipi. Nikaongeza maneno "kulia mwa karatasi" kwenye namba 2, na kwenye namba 4 vilevile.